UZI: Skripti moja, mianzo mitatu, na jinsi ya kujua upi unamshika mtazamaji

FundiSkripti

Wakuu salaam. Swali la "mwanzo upi ni mzuri" linarudi humu kila mara, na majibu huwa ni ladha ya kila mchangiaji. Uzi huu ni wa namna ya kupima: unaandika mianzo mitatu ya skripti ileile, unaiweka mbele ya watazamaji, halafu unasoma ni wapi waliondoka. Nazungumzia video fupi ya wima, chini ya dakika moja. Kwa video ndefu mambo hubadilika, tutafika huko kama kuna atakayeuliza.

Nianze na kitu ambacho wengi hukigeuza kichwa chini. Mwanzo huandikwa mwisho. Andika kwanza mwili wa video, urekodi au angalau uusome kwa sauti ukiwa na saa, kisha orodhesha kila jambo ambalo mwili unampa mtazamaji na sekunde ambayo analipata. Orodha hiyo ndiyo ghala la mianzo yako, kwa sababu mwanzo ni ahadi, na huwezi kuahidi kisichomo.

Mfano tutakaoufuata: video ya kusafisha tundu la chaji la simu. Mwili una sekunde 38 na unakwenda hivi. Sekunde ya 0 hadi 8 unaeleza kwamba nyuzinyuzi za mfukoni huingia kwenye tundu, na kila ukichomeka waya unazishindilia ndani mpaka waya haukai sawa. Sekunde ya 8 hadi 18 unaonyesha kuzima simu, kuielekeza tundu chini na kukwangua taratibu kwa kijiti cha mbao au cha plastiki. Kuanzia 18 hadi 28 unaeleza kwa nini pini ya chuma ni hatari, kwamba inaweza kupinda au kukwaruza miguso iliyo ndani, na kwa nini usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Zilizobaki ni kuchomeka waya na kuonyesha kwamba sasa unazama hadi mwisho.

Kutoka humo mianzo mitatu inazaliwa:

A, tatizo: "Simu haichaji mpaka uukunje waya pembeni? Betri haina kosa."

B, matokeo: "Uchafu huu wote umetoka kwenye tundu moja la chaji."

C, onyo: "Ukisafisha tundu la chaji kwa pini, unaweza kuliua kabisa."

Angalieni kwamba hii si sentensi moja iliyosemwa kwa namna tatu. A inamwita mwenye tatizo, B inamwonyesha kitu cha kushangaza, C inamtishia. Ukipima "Je, simu yako haichaji?" dhidi ya "Simu yako inasumbua kuchaji?" tofauti itakuwa ndogo kiasi kwamba huwezi kuiona bila maelfu mengi ya watazamaji. Pima vitu vinavyotofautiana kweli.

Kila mwanzo uwe na urefu uleule. Hapa nimepanga sekunde 4, yaani fremu 120 ukirekodi kwa fremu 30 kwa sekunde. Video nzima inakuwa sekunde 42 katika matoleo yote. Sababu ya kung'ang'ania hilo nitaieleza nikifika kwenye kusoma grafu.

KameraBaridi

Mkuu mbona unajichosha. YouTube wana kipimo chao tayari, unaweka matoleo matatu, wao wanagawa watazamaji na kukuambia mshindi. Kinaitwa Test & Compare. Hakuna haja ya hesabu za mkono.

FundiSkripti

Nusu yake ni sahihi. Test & Compare ipo, inapokea hadi matoleo matatu, na mshindi huchaguliwa kwa muda wa kutazama badala ya idadi ya waliobonyeza tu, jambo ambalo ni zuri. Lakini kinachopimwa pale ni picha ya jalada na kichwa cha video. Faili la video linabaki lilelile kwa kila mtu. Hakuna sehemu ya kumpa mtazamaji mmoja sekunde nne hizi na mwingine sekunde nne zile. Kwa hiyo kwa mianzo kipimo hicho hakikusaidii.

Mwajuma_Editi

Niongeze upande wa kurekodi, maana hapo ndipo majaribio mengi hufia kabla hayajaanza.

Mwili rekodi mara moja tu. Mianzo yote mitatu irekodiwe kikao hichohicho: nguo ileile, taa ileile, maiki umbali uleule. Kisha, na hili watu hulisahau, kila mwanzo uusome ukiunganisha na sentensi ya kwanza ya mwili. Usiishie kwenye nukta ya mwanzo ukanyamaza. Sauti ya mtu hushuka anapojua anamaliza, na ukibandika mwili baada ya sauti iliyoshuka, sikio linasikia video imeisha. Mtazamaji anaondoka pale kwenye mshono na wewe unalaumu maneno. Soma mpaka "Kila unapotia simu mfukoni...", halafu kwenye kuediti kata kabla ya "Kila" na ubandike mwili.

Jambo la pili ni kiwango cha sauti. Watu hulisoma onyo kwa nguvu na swali kwa upole. Toleo C likitoka lina sauti kubwa kuliko A, basi umepima ukubwa wa sauti. Sawazisha mianzo yote mitatu kwa kipimo cha sauti cha programu yako ya kuediti, usitegemee masikio.

Na maandishi ya kwenye skrini yawe fonti ileile, ukubwa uleule, mahali palepale. Wengi wanatazama bila sauti, kwa hiyo kwao maandishi ndiyo mwanzo wenyewe.

SaidiWaGrafu

Dada Mwajuma amegusa kitu, lakini kuna tatizo moja kubwa zaidi: fremu ya kwanza. Katika mfano wa mkuu, B lazima ionyeshe uchafu kwenye karatasi, kwa karibu. A pengine ni uso wa mtu ameshika simu. Sasa B ikishinda, nini kimeshinda, maneno au picha ya uchafu?

FundiSkripti

Swali zuri, na halina jibu moja. Kuna njia mbili halali.

Ya kwanza ni kupima maneno peke yake. Picha ya sekunde nne zote inakuwa ileile katika matoleo yote, kwa mfano tundu la chaji kwa karibu, na kinachobadilika ni sauti na maandishi tu. Ukipata mshindi unajua ni maneno. Hasara yake ni kwamba mwanzo wa "matokeo" bila picha ya matokeo unakuwa umefungwa mikono.

Ya pili ni kupima kifurushi kizima, maneno na picha pamoja. Unapata jibu la kutumia mara moja, lakini usije ukasema "watu wanapenda matokeo kuliko maswali". Unachojua ni kwamba kifurushi kile kilishinda kile kingine. Mimi kwa skripti ninayotaka kuitoa kesho nachagua ya pili. Kwa kujifunza kitu cha kutumia kwenye skripti zijazo, ya kwanza. Ila amua kabla, maana ukishaona namba utachagua tafsiri inayokupendeza.

Zaituni_K

Samahani wakuu, nimesoma haraka. Ina maana niandike skripti tatu nzima kwa kila video? Mimi moja tu inanichukua jioni nzima.

Mwajuma_Editi

Hapana dada. Skripti ni moja, mwili ni mmoja. Kinachoandikwa mara tatu ni sentensi moja au mbili za mwanzo. Kazi ya ziada ya kurekodi ni dakika chache.

Ila sentensi ya kwanza ya mwili inakutaka uwe makini, kwa sababu lazima ipokee mianzo yote mitatu. Mwili ukianza na "Sababu yake ni hii", unaungana na A, lakini baada ya B unaning'inia: sababu ya nini? "Kama nilivyosema" ndiyo mbaya zaidi. Anza mwili na sentensi inayosimama yenyewe, isiyo na neno linalorejea nyuma. "Kila unapotia simu mfukoni, nyuzinyuzi za nguo huingia humu" inafaa baada ya zote. Jaribu kwa kusoma A+mwili, B+mwili, C+mwili kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, mtazamaji naye atajikwaa.

KameraBaridi

Sawa, basi kama YouTube haifai, unazipeleka wapi? Ukipakia video moja mara tatu kwenye akaunti moja si utaonekana unarudia? Na mfumo unaua nakala.

FundiSkripti

Njia ninazoziona zina akili ni mbili.

Instagram ina kitu kinaitwa Trial reels, kilianza Desemba 2024, kwa akaunti za kitaalamu. Video inapelekwa kwanza kwa watu wasiokufuata, na haikai kwenye ukurasa wako. Unapakia A, B na C kama majaribio matatu, zote kwa wakati mmoja, kapsheni ileile, muziki uleule. Kuna chaguo la kuisambaza video yenyewe kwa wafuasi ikifanya vizuri ndani ya saa 72. Lizime, la sivyo toleo moja litaanza kuonwa na wafuasi wako huku mengine yakibaki kwa wageni, na ulinganisho utakuwa umeharibika.

Njia ya pili ni tangazo la kulipia, kwa kutumia kipimo cha A/B ndani ya Ads Manager ya Meta. Faida yake ni kwamba watu wanagawanywa: aliyeona A haonyeshwi B. Usiyaweke matangazo matatu ndani ya kundi moja la tangazo bila kipimo hicho. Mfumo utaanza kumpendelea mmoja mapema, mara nyingi kwa dalili za saa za mwanzo, na wawili waliobaki watapata watazamaji wachache mno kusemea chochote. Kumbuka pia kwamba mtu anayeona tangazo anajua ni tangazo, na huondoka haraka zaidi. Mpangilio wa nani kamshinda nani unaweza kukusaidia, lakini asilimia zenyewe usizitarajie kwenye video ya kawaida.

Kupakia toleo moja Jumatatu, jingine Jumatano na la tatu Ijumaa kwenye akaunti ya kawaida ndiyo njia dhaifu. Siku zinatofautiana, na wafuasi wako waliouona mwili mara ya kwanza wataondoka mapema mara ya pili na ya tatu. Toleo la kwanza linashinda bure. Dalili ya hilo ni kwamba kila jaribio lako mshindi ni lililotangulia.

Kuhusu mfumo kuua nakala, watu wanabishana. Ninachoweza kusema ni kwamba tunapima asilimia ya waliobaki kati ya walioanza. Idadi ya walioanza siyo alama ya mwanzo. Toleo la tatu likipata watu wachache, halijashindwa, ila huna data ya kutosha kulihukumu.

SaidiWaGrafu

Hapo kwenye "siyo alama" watu wengi wangeokoka. Wanaangalia lililotazamwa mara nyingi na kulipa kombe.

Sasa naomba nipewe zamu ya kusoma grafu. Natumia namba za kubuni ili hesabu ionekane, msizichukue kama wastani wa mahali popote. Tuseme kila toleo limeanza kutazamwa na watu 500, na tumesoma asilimia waliobaki kwenye sekunde ya 3, ya 12 na mwisho:

```
toleo,walioanza,sek_3,sek_12,mwisho
A,500,61,49,27
B,500,68,55,31
C,500,74,44,22
```

Mtu mwenye haraka ataangalia sekunde ya 3 na kusema C imeshinda, onyo ndilo linalofanya kazi. Na ni kweli C ilimzuia mtu kidole kuliko wenzake. Lakini tazama kilichotokea kati ya sekunde ya 3 na ya 12. A imepoteza pointi 12, B pointi 13, C imepoteza 30. Waliosimama kwa ajili ya pini walikuta mtu anazungumzia nyuzinyuzi za mfukoni, wakasubiri kidogo, wakaondoka. Ahadi ya C inalipwa sekunde ya 18 ya mwili, yaani sekunde ya 22 ya video. Wengi hawakufika huko.

Kwa hiyo pointi ya kuamulia isiwe sekunde ya 3. Chagua sehemu ndani ya mwili, baada ya mshono, mahali ambapo mtazamaji ameshapata angalau kitu kimoja. Hapa sekunde ya 8 ya mwili, yaani ya 12 ya video, inafaa, kwa sababu maelezo ya kwanza yanaishia hapo. Sekunde ya 3 inakwambia mwanzo umemsimamisha. Ile ya 12 inakwambia alipewa alichosimamia.

Na hapa ndipo urefu sawa unapookoa. Kama C ingekuwa sekunde 7, sekunde ya 12 ya video ingekuwa sekunde ya 5 tu ya mwili, na ungekuwa unalinganisha sehemu mbili tofauti. Ikitokea umeshindwa kusawazisha, soma kwa saa ya mwili: mwanzo wa sekunde 4 unausoma sekunde ya 12, wa sekunde 7 unausoma sekunde ya 15. Usitumie wastani wa asilimia iliyotazamwa kulinganisha video zenye urefu tofauti, kwa sababu sekunde zilezile za kutazama zinatoa asilimia ndogo kwenye video ndefu zaidi.

Zaituni_K

Kwa hiyo B ndiyo mshindi? 55 kwa 49 kwa 44.

SaidiWaGrafu

B imemshinda C. Dhidi ya A bado haijathibitika.

Asilimia inayotokana na watu wachache huyumba yenyewe. Ungepakia A mara mbili, faili lilelile, ungepata namba mbili tofauti. Kuna kanuni ya haraka kwa mianzo mitatu, wakati asilimia zinazunguka 50 na kila toleo lina walioanza sawa: gawanya 170 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya walioanza kwa kila toleo. Jibu ni pointi ambazo tofauti lazima izivuke kabla hujaiamini.

```
170 / sqrt(200)  = 12.0
170 / sqrt(500)  = 7.6
170 / sqrt(2000) = 3.8
```

Kwa watu 500 unahitaji tofauti ya pointi 7.6. B na C zimeachana kwa 11, imevuka. B na A zimeachana kwa 6, haijavuka. A na C kwa 5, nayo bado. Kwa hiyo unachoweza kufanya kwa uhakika ni kuiondoa C kama ilivyo, na kama una hamu ya kujua zaidi, kurudia A na B zikiwa na watu wengi.

Kwa waliosoma takwimu: kwa ulinganisho wa vitu viwili tu namba ya juu ni karibu 140. Nimeweka 170 kwa sababu mianzo mitatu inatoa jozi tatu, na kila jozi ni nafasi nyingine ya kudanganywa na bahati.

KameraBaridi

Hii kali. Ina maana mwenye akaunti ndogo anayepata watazamaji 200 asijisumbue?

SaidiWaGrafu

Kwa 200 anaona tofauti za pointi 12 kwenda juu. Zipo, hasa mwanzo mmoja ukiwa mbovu kabisa. Kwa hiyo kipimo kidogo kinafaa kutupa kibovu. Kuchagua kati ya viwili vizuri hakikiwezi. Mwenye akaunti ndogo apime miwili badala ya mitatu, na achague iliyo tofauti sana.

Na usichungulie kila saa halafu ukasimamisha mara tu namba inapokupendeza. Panga kabla: "nitasoma kila toleo likifika watu 500" au "nitasoma baada ya siku tatu". Mapema namba zinarukaruka, na anayesimamisha kwenye mruko anaokota bahati.

Mwajuma_Editi

Narudi kwa C, maana mimi siitupi. Mwanzo ule ndio uliosimamisha watu wengi kuliko yote. Kosa liko kwenye mpangilio wa mwili. Hamisha kipande cha pini kije mwanzoni: onyo, kwa nini chuma ni hatari, kisha tumia kijiti, halafu uchafu unatoka wapi. C inaweza kuzipita zote.

FundiSkripti

Inawezekana kabisa, lakini hapo umetoka kwenye kipimo hiki ukaingia kingine. Mwili ukibadilika kwa C peke yake, hulinganishi mianzo tena. Unalinganisha video mbili. Kama unataka kwenda njia hiyo, panga mwili mpya kwa wote na upime tena mianzo yote. Na A huenda ikaumia, kwa sababu aliyeitwa na tatizo la waya ataanza kupewa onyo la pini kabla hajajua simu yake ina nini.

Mwajuma_Editi

Mkuu, mtazamaji hajali usafi wa jaribio. Kama C na mwili wake mpya inafika sekunde ya 12 na asilimia 60, mimi naitoa hiyo, basi. Lengo ni video, siyo ripoti.

FundiSkripti

Sikatai kuitoa. Nakataa kuandika kwenye daftari kwamba "onyo linashinda". Ulichojifunza ni kwamba onyo linalolipwa mapema linashika, na hilo hujalilinganisha na matokeo yanayolipwa mapema.

BarakaMubashara

Wakuu naomba msaada kwenye yangu. Nina video ya dakika 9, utangulizi una sekunde 25: salamu, jina la chaneli, leo tutazungumzia nini, halafu kipande cha muziki. YouTube Studio inaniambia asilimia 48 wako kwenye 0:30. Niandike mianzo mitatu niitoe kama Shorts, mshindi nimuweke kwenye video ndefu?

SaidiWaGrafu

Ndugu Baraka, matokeo ya Shorts usiyabebe moja kwa moja. Mtu wa Shorts hajachagua video, imemjia, na mwanzo una kazi ya kuzuia kidole. Mtu wa video ndefu ameshasoma kichwa, ameona picha ya jalada, akabonyeza. Amekuja na ahadi tayari mkononi. Kazi ya mwanzo kwake ni kumthibitishia kwamba amefika mahali sahihi, kisha kuanza kulipa. Mwanzo wa kushtua unaoshinda kwenye Shorts unaweza kumchanganya huyu, akadhani amebonyeza kitu kingine.

Na tahadhari nyingine, tangu 31 Machi 2025 YouTube inahesabu Short kuwa imetazamwa pindi tu inapoanza kucheza, hata mtu akipita. Idadi ya kutazamwa kwa hiyo haisemi lolote kuhusu mwanzo. Kwa Shorts angalia uwiano wa waliobaki dhidi ya waliopitiliza.

FundiSkripti

Nami niongeze kwa Baraka. Kabla ya kuandika mianzo mitatu, fungua grafu ya hiyo video uone watu wanaondokea sekunde ya ngapi. Kama mteremko mkali uko sekunde ya 0 hadi 5, kuna mgongano kati ya kichwa na kinachoonekana kwanza. Kama uko pale muziki unapoanza, tatizo ni kipande cha muziki, na mwanzo wowote utakaouandika utagonga ukuta uleule.

Kihariri cha YouTube Studio kinakuruhusu kukata sehemu ya video iliyokwisha kupakiwa bila kupoteza kiungo chake. Kukata kinaweza, kuongeza kipande kipya cha video hakiwezi. Kata salamu na muziki, acha ianze kwenye "leo tutazungumzia". Linganisha waliobaki sekunde kadhaa ndani ya mada yenyewe, kabla na baada ya kukata. Ile 0:30 haitafaa, kwa sababu baada ya kukata sekunde ya 30 itaangukia mahali pengine pa maudhui. Si kipimo safi, kwa sababu watazamaji wa wiki ya kwanza, wengi wao wafuasi, siyo wale wa mwezi wa pili. Grafu inaweza kuchujwa kwa wafuasi na wasio wafuasi, kwa hiyo linganisha wasio wafuasi kwa wasio wafuasi.

BarakaMubashara

Nimekuelewa mkuu. Ila salamu kuikata naona kama kukosa adabu.

Mwajuma_Editi

Isogeze, usiiue. Lipa kitu kimoja kwanza, kisha salimia kwa sekunde mbili ukielekea sehemu ya pili. Mtu aliyeshapewa kitu anaipokea salamu vizuri.

KameraBaridi

Swali la mwisho kwa Saidi. Ukirudia A na B kwa watu 2000 kila moja, na zikaachana kwa pointi 2 tu, unafanya nini? Unaongeza watu mpaka mshindi apatikane?

SaidiWaGrafu

Hapana. Kwa 2000 kizingiti cha jozi moja ni karibu pointi 3.1, kwa kutumia ile 140. Pointi 2 ndani ya hapo maana yake mianzo hiyo miwili ni sawa kwa matumizi yako. Chagua ile inayofika mwisho na watu wengi zaidi, au ile rahisi kurekodi, na nguvu zako zipeleke kwenye sekunde ya 12 hadi 42. Katika mfano wetu B ilikuwa na watu 55 kati ya 100 pale na ikamaliza na 31. Hao 24 hawakuondoka kwa sababu ya mwanzo.

FundiSkripti

Kwenye hilo sikubaliani kwa asilimia mia. Mwanzo wa matokeo huwa umeshaonyesha mwisho, uchafu umeshatoka, kwa hiyo sehemu ya hao 24 inaweza kuwa ni watu wasio na cha kusubiri. Ndiyo maana mimi husoma na mteremko wa mwili pia: kati ya waliokuwepo sekunde ya 12, wangapi wamefika mwisho. A ni 27 kwa 49, asilimia 55. B ni 31 kwa 55, asilimia 56. C ni 22 kwa 44, nusu. Hapa B haikuumia. Kwenye skripti nyingine, matokeo yakiwa ndiyo kila kitu, nategemea kuona pengo.

SaidiWaGrafu

Pengo hilo ulipime kwa watu wangapi? Maana waliofika sekunde ya 12 kati ya 500 ni 275 tu kwa B, na 245 kwa A. Kizingiti kinapanda tena.

FundiSkripti

Ndiyo, kinafika karibu pointi 9 hata kwa jozi moja. Kwa 500 hutaliona labda liwe kubwa kweli. Kwenye 2000 utabaki na watu kama elfu moja kila upande, hapo linaanza kusomeka.